Wastani dakika 40, mkengeuko 20: mbona waliochelewa ni wengi kuliko hesabu?

Tuseme maabara ya hospitali inapima damu za wagonjwa 2,000 kwa mwezi. Muda unaohesabiwa unaanzia mgonjwa anapoandikishwa dirishani na kuishia majibu yanapochapishwa. Ripoti ya mwezi ina mstari mmoja tu: wastani dakika 40, mkengeuko sanifu dakika 20. Ukutani pamebandikwa tangazo kwamba majibu hutoka ndani ya dakika 100, na mganga mkuu anataka kujua ni wagonjwa wangapi wanaovunjiwa ahadi hiyo.

Kutoka 40 hadi 100 ni dakika 60, sawa na mikengeuko mitatu. Idadi hiyo ya mikengeuko tutaiita k, kwa hiyo hapa k ni 3. Hesabu zote zilizomo humu zinajibu swali la mganga mkuu huyo, na majibu yake yanapishana sana. Anza na dalili inayofanana na yako.

Dalili: ulitarajia wagonjwa watatu, daftari linaonyesha ishirini na kitu

Hapa karibu kila mara aliyepiga hesabu alitumia kanuni ya 68-95-99.7. Kanuni hiyo inasema asilimia 68 ya vipimo viko ndani ya mkengeuko mmoja kutoka kwenye wastani, asilimia 95 ndani ya mikengeuko miwili, na asilimia 99.7 ndani ya mitatu. Kinachobaki nje ya mitatu ni kidogo sana, na nusu yake tu ndiyo iko upande wa waliochelewa. Kwenye Excel ni mstari huu:

```
=1-NORM.DIST(100,40,20,TRUE)
```

Unapata 0.00135. Zidisha kwa 2,000, unapata 2.7, yaani watu watatu hivi.

Kosa halimo kwenye kuzidisha. Asilimia hizo tatu hazitokani na wastani na mkengeuko peke yake. Zinatokana na umbo la kengele, yaani mgawanyo wa kawaida, ambao kulia na kushoto kwake ni sawa na mikia yake hupungua haraka mno. Ripoti ilikupa namba mbili, ukaiongezea umbo ambalo hakuna aliyekuambia lipo.

Kuna njia ya kulikagua umbo hilo hata kama huna data ghafi. Toa mikengeuko miwili kwenye wastani: 40 kutoa 40 ni sifuri. Kanuni ya kengele inataka kama asilimia 2.3 ya vipimo viwe chini ya hapo, na katika wagonjwa 2,000 hao ni 46 waliopata majibu kabla ya kuandikishwa. Jambo hilo haliwezekani, kwa hiyo kengele haikai hapa. Kila unapokutana na kipimo kisichoweza kushuka chini ya sifuri, kama muda, uzito, madai ya bima au mvua, fanya hesabu hii ya kutoa kwanza. Wastani ukiwa haujafika hata mara tatu ya mkengeuko, usiuamini mkia wa kengele.

Sasa tuangalie umbo linaloweza kuwa la kweli. Sampuli ya damu inapita hatua nne: mapokezi, kutolewa damu, mashine, halafu kuhakikiwa na kuchapishwa. Chukulia kila hatua ina wastani wa dakika 10 na haitegemei nyingine, na kwamba muda wake unafuata mgawanyo wa kieksponenti: mara nyingi mambo yanakwisha haraka, mara mojamoja yanakwama kwa muda mrefu. Mkengeuko wa kila hatua ni dakika 10, na varianzi yake, ambayo ni mraba wa mkengeuko, ni 100. Kwa hatua zisizotegemeana varianzi hujumlishwa, hivyo jumla ni 400 na kipeuo chake ni 20. Ripoti inatoka ileile: wastani 40, mkengeuko 20.

Ukipiga hesabu ya mgawanyo huo wa hatua nne, asilimia 70.6 ya wagonjwa wanaangukia kati ya dakika 20 na 60, na asilimia 95.8 kati ya sifuri na 80. Linganisha na 68 na 95. Hapo ndipo wengi wanaponaswa, kwa sababu aliyeipima kanuni ya kengele kwenye mikanda hiyo miwili ataona inakubali vizuri tu, kisha ataipeleka hadi mikengeuko mitatu bila wasiwasi. Kumbe waliozidi dakika 100 ni asilimia 1.03, yaani wagonjwa 21, mara saba ya wale watatu. Katikati ya mgawanyo hakukuambii mkia ukoje. Pia kati ya waliotoka nje ya mikengeuko miwili hakuna hata mmoja wa upande wa chini. Wote ni waliochelewa.

Anayetaka kuona kwa macho yake aendeshe hii kwenye Python, ambapo `gammavariate(4, 10)` ni jumla ya zile hatua nne za wastani wa dakika 10:

```python
import random
n = 200000
juu = sum(random.gammavariate(4, 10) > 100 for _ in range(n))
print(juu / n)
```

Jibu litachezacheza karibu na 0.0103.

Dalili: umetumia kanuni ya Chebyshev, imekupa namba kubwa isiyoaminika

Chebyshev anasema sehemu ya vipimo vilivyo umbali wa mikengeuko k au zaidi kutoka kwenye wastani haiwezi kuzidi 1/k². Kwa k = 3 hiyo ni 1/9, asilimia 11.1, wagonjwa 222. Mtu aliyezoea kusikia asilimia 0.3 anaona kanuni imeharibika.

Haijaharibika. Namba 222 ni kikomo cha juu, haimaanishi kwamba waliochelewa wanakadiriwa kuwa 222. Inasema kwamba umbo la mgawanyo liwe lolote lile, hata la ajabu kiasi gani, halitavuka hapo. Ushahidi wake ni mfupi na nadhani kila anayeitumia anastahili kuuona. Varianzi ni wastani wa miraba ya tofauti, na kwetu ni 400. Mgonjwa yeyote aliye umbali wa dakika 60 au zaidi kutoka kwenye wastani anachangia mraba usiopungua 3,600. Ikiwa sehemu p ya wagonjwa iko mbali hivyo, mchango wao pekee ni angalau 3,600 mara p. Mchango wa sehemu hauwezi kuzidi jumla ya 400, kwa hiyo p haiwezi kuzidi 400/3,600, yaani 1/9. Hakuna mahali tulipoitaja kengele, na ndiyo maana kikomo kinasimama kila mahali ambapo varianzi ipo. Bienaymé alilitoa wazo hili mwaka 1853 na Chebyshev akalithibitisha mwaka 1867, ndiyo sababu vitabu vingine vinayaunganisha majina yao.

Ushahidi huohuo unaeleza dalili nyingine ndogo. Ukiweka k = 1 unapata asilimia 100, na chini ya 1 unapata zaidi ya 100. Hapo kanuni ni ya kweli lakini haikuambii kitu. Inaanza kusaidia unapotoka kwenye mkengeuko mmoja kwenda mbali.

Dalili: umegawa Chebyshev kwa mbili, idadi halisi imepita kikomo chako

Hili ndilo kosa ninaloliona hatari kuliko yote humu, kwa sababu linafanana sana na busara. Chebyshev anahesabu pande zote mbili, waliowahi mno na waliochelewa mno. Sisi tunawataka waliochelewa tu. Basi mtu anagawa 11.1 kwa mbili, anapata asilimia 5.6, wagonjwa 111, na anaandika kwenye ripoti kwamba hawawezi kuzidi hapo.

Wanaweza. Kugawa kwa mbili kunaruhusiwa pale tu mgawanyo unapolingana kulia na kushoto, na hilo hujaambiwa. Kikomo sahihi cha upande mmoja ni cha Cantelli: sehemu iliyo juu ya wastani kwa mikengeuko k au zaidi haizidi 1/(1+k²). Kwa k = 3 ni 1/10, yaani wagonjwa 200. Kwa k = 1 njia hizi mbili zinatoa jibu lilelile, nusu. Ukienda mbele ya hapo Cantelli anakuwa juu ya nusu ya Chebyshev, na kadiri k inavyokua anaukaribia Chebyshev mzima.

Na hao 200 si wa kufikirika. Chukua maabara ambayo mashine yake inakwama kwa sampuli moja katika kila kumi. Sampuli tisa zinatoka kwa dakika 33 na sekunde 20, ya kumi inatoka kwa dakika 100 kamili. Wastani ni 0.9 mara 33.33 ukijumlisha na 0.1 mara 100, yaani 40. Kwa varianzi, zile tisa ziko umbali wa dakika 6.67 na mraba wake ni 44.4, ile moja iko umbali wa 60 na mraba wake ni 3,600. Hivyo 0.9 mara 44.4 ni 40, 0.1 mara 3,600 ni 360, jumla 400. Ripoti ya maabara hii ingesomeka wastani 40, mkengeuko 20, neno kwa neno kama ya maabara ya hatua nne, na wagonjwa 200 kwa mwezi wangefikisha dakika 100. Aliyeandika "hawazidi 111" angekuwa amemdanganya mganga mkuu bila kukusudia.

Angalia pia kwamba nyakati zote katika mfano huo ni chanya, zinaweza kutokea hospitalini. Mgawanyo unaofikia kikomo cha Chebyshev kwa pande mbili, kwa wastani na mkengeuko huu, unataka sampuli moja katika kila 18 itumie dakika 100 na nyingine moja katika 18 itumie dakika 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo hapa 222 haifikiki, ila 200 inafikika. Aliye na namba mbili tu hawezi kuahidi chini ya 200, awe hodari vipi.

Dalili: umetumia Cantelli sawasawa, bado idadi imevuka

Hapa usiilaumu kanuni, ilaumu ripoti. Kwa data uliyonayo mkononi kanuni hizi ni hesabu tupu: kama wastani na mkengeuko vimetolewa kwenye wagonjwa hao hao 2,000, kwa kugawa na 2,000, kikomo hakiwezi kuvukwa. Kikivukwa, namba mbili ulizopewa si za hao unaowahesabu. Hiki ni kifaa kizuri cha ukaguzi, na watu wengi hawajui kwamba wanacho.

Sababu ya kwanza ya kutafuta ni mkengeuko uliopigwa kwenye wastani wa kila siku badala ya kila mgonjwa. Tuseme maabara inafanya kazi siku 25, wagonjwa 80 kwa siku. Karani anaandika wastani wa kila siku, mwisho wa mwezi anapiga mkengeuko wa zile namba 25. Kwa wagonjwa wasiotegemeana, varianzi ya wastani wa watu 80 ni 400 kugawa kwa 80, yaani 5, na mkengeuko ni kama dakika 2.2. Ripoti sasa inasema wastani 40, mkengeuko 2.2. Ukiweka kwenye Cantelli, k² ni 3,600 kugawa kwa 5, yaani 720, na kikomo ni 1/721: wagonjwa wasiofika hata watatu. Daftari lina 21. Kikomo kimevukwa, nawe umegundua kosa la karani bila kuliona jedwali lake.

Sababu ya pili ni data iliyokatwa mkia. Mfumo unaofuta ombi likipita saa mbili, au mtu aliyeondoa "vipimo vya ajabu" kabla ya kupiga hesabu, anashusha wastani na mkengeuko kwa pamoja. Waliofutwa bado walikaa kwenye benchi wakisubiri.

Sababu ya tatu ni kutumia mwezi uliopita kuutabiri huu. Wastani ukipanda hadi 50 na mkengeuko ukabaki 20, k inashuka hadi 2.5 na kikomo cha Cantelli kinakuwa 1/7.25, karibu asilimia 13.8, wagonjwa 275. Ahadi ya 200 ilikuwa ya wastani wa 40, si ya daima.

Dalili: una vipimo vichache, na hakuna hata kimoja kinachozidi mikengeuko mitatu

Fundi anapima sampuli kumi. Tisa zimechukua dakika 30, moja imechukua dakika 600, saa kumi nzima. Anatumia utaratibu wa kutia alama chochote kilichozidi mikengeuko mitatu. Hakuna kinachotiwa alama, anaandika kwamba mambo ni shwari.

Piga hesabu yake. Wastani ni 87. Mkengeuko kwa kugawa na 10, ambao kwenye Excel ni `STDEV.P`, ni 171. Kipimo cha 600 kiko umbali wa 513, na 513 kugawa kwa 171 ni 3 kamili. Kwa `STDEV.S`, inayogawa kwa 9, mkengeuko ni 180.2 na umbali unakuwa 2.85. Badilisha 600 iwe 6,000 au 60,000: utapata 3 na 2.85 zilezile.

Sababu ni Cantelli yuleyule, amesomwa kutoka upande wa pili. Kipimo kimoja kati ya n ni sehemu 1/n, na sehemu hiyo haiwezi kuzidi 1/(1+k²). Kwa hiyo k haiwezi kuzidi kipeuo cha n − 1. Kwa vipimo kumi kipeuo hicho ni 3, na kipimo kimoja kilicho mbali kinauvuta mkengeuko pamoja nacho. Ukitumia `STDEV.S` mpaka ni (n − 1) kugawa kwa kipeuo cha n, na unapita 3 kuanzia vipimo 11. Kwa vipimo kumi au pungufu, utaratibu wa mikengeuko mitatu hauwezi kumkamata mtu. Tumia mediani na umbali kutoka kwenye mediani, au vitazame tu vyote kumi.

Dalili: kikomo ni sahihi ila ni kilegevu mno kuamulia jambo

Mganga mkuu hawezi kupanga zamu kwa "kati ya sifuri na 200". Anahitaji taarifa zaidi, si fomula kali zaidi, na mara nyingi taarifa hiyo ipo ila haijatumika.

Mojawapo ni idadi ya nundu. Chora histogramu kwa mikanda ya dakika 10. Ikiwa ina kilele kimoja na inashuka pande zote mbili bila kuinuka tena, kikomo cha Vysochanskij na Petunin kinapatikana. Kwa pande mbili ni 4/(9k²), na kinafaa k ikizidi 1.63 hivi. Kwa upande mmoja ni theluthi mbili ya theluthi mbili ya Cantelli, yaani 4/9 yake, mradi k² isipungue 5/3. Kwa maabara yetu 4/9 ya asilimia 10 ni 4.4, wagonjwa 88. Umeshuka kutoka 200 hadi 88 bila kudai kengele.

Lakini histogramu uiangalie kwa uangalifu penye mkia. Maabara ya mashine inayokwama ina nundu mbili, moja kubwa karibu na 33 na nyingine ndogo karibu na 100. Ukitumia 4/9 hapo utaahidi 88 na utapata 200. Nundu ndogo ndiyo inayofichika kwa urahisi: mikanda ikiwa mipana ya dakika 60, au mchoro ukikatwa kwenye dakika 90, haionekani kabisa. Kama kuna kitu kinachojulikana kusababisha ucheleweshaji wa aina yake peke yake, kama umeme kukatika au sampuli kurudiwa, usidai nundu moja. Tenganisha makundi hayo mawili na upige wastani na mkengeuko wa kila moja.

Kwa hiyo mbele ya mganga mkuu kuna majibu haya: 3 kwa anayedai kengele, 21 kwa anayejua hatua nne na jinsi zinavyokwenda, 88 kwa anayejua kuna nundu moja tu, na 200 kwa asiyejua lolote zaidi ya zile namba mbili. Kila jibu liandikwe pamoja na kilichodaiwa ili kulipata.

Na kama jedwali lenyewe lipo kwenye kompyuta ya mapokezi, basi kabla ya yote hayo mwombe karani aandike fomula hii chini ya safu ya dakika, na namba yake iingie kwenye ripoti ya kila mwezi kando ya wastani na mkengeuko:

```
=COUNTIF(B2:B2001,">100")
```